Muhtasari tendaji wa kampeni

Muhtasari tendaji wa kampeni ni maelezo mafupi yanayogeuza jedwali la takwimu za kila wiki kuwa pendekezo moja ambalo kiongozi anaweza kulikubali au kulikataa.

Mwandishi huanza na safu iliyo karibu zaidi na lengo la kampeni. Tuseme duka la majiko limejitangaza kwa wiki 4. Tangazo la mtandaoni lilibofywa mara 8,000 kwa gharama ya shilingi 1,600,000, lakini lilileta wanunuzi 40 tu. Redio iligharimu shilingi 2,400,000 ikaleta wanunuzi 160. Mibofyo huvutia macho, ila lengo ni mauzo: kumpata mnunuzi mmoja mtandaoni kumegharimu shilingi 40,000, redioni 15,000.

Muhtasari waweza kuwa hivi: "Redio inatuletea mnunuzi kwa chini ya nusu ya gharama ya mtandaoni. Tunapendekeza kuanzia Jumatatu shilingi 200,000 za kila wiki zihamishiwe redioni, kisha tupime baada ya wiki 2." Kuandika "tuendelee kufuatilia" si pendekezo, kwa kuwa hakuna kiasi wala tarehe.

Hesabu hii inategemea wanunuzi wote kuulizwa dukani walikopata habari. Wasipoulizwa, redio huonekana dhaifu kuliko ilivyo, kwa sababu mibofyo hujihesabu yenyewe lakini msikilizaji haachi alama. Hali hiyo itajwe kwa sentensi moja chini ya pendekezo.