Tusikisomee kibarua cha zamani tunachotaka kiseme

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa Historia alinijia afisini na picha ya barua kwenye simu. Anaishi Kongo, Kawangware, lakini nyanya yake alizaliwa Kibera, na tasnifu yake inahusu mashamba ya askari Wanubi wa jeshi la K.A.R. waliokaa huko. Barua yenyewe imo katika hifadhi ya nyaraka. Haina mwaka, na mkunjo umekula neno moja la katikati.

"Prof, hapa si ameandika 'tulipewa shamba'?" aliniuliza. "Mimi naona ni hivyo."

"Mwanangu, unaona ama unatamani?"

Alicheka, lakini swali lilikuwa zito. Kama mzee yule aliandika kwamba walipewa, basi kwa maneno yake mwenyewe ardhi ilikuwa yao. Neno jingine lingebadilisha sura nzima ya tasnifu.

Tulianza na tahajia. Mwandishi alitenganisha viambishi, kama walivyofanya wengi kabla Kiswahili hakijasanifishwa miaka ya 1930: "na omba", "wa toto", "tuli kuja". Msomaji wa leo akiona "na omba" huenda akadhani "na" ni kiunganishi, kumbe ni "naomba". Vivyo hivyo "tuli" mwishoni mwa mstari si kivumishi cha utulivu, bali ni mwanzo wa kitenzi kilichoendelea baada ya mkunjo. "Shauli" nayo ni "shauri". Tulinakili yote jinsi yalivyo, mstari kwa mstari, kisha tukaandika nakala ya pili kwa tahajia ya leo. Ukisahihisha katika nakala ya kwanza, umefuta ushahidi.

Vifupisho vilitusaidia kukisia wakati. "Tar." ni tarehe, na "Bw." ni bwana. Muhimu zaidi ni "Rp. 5", yaani rupia tano. Florini ilichukua nafasi ya rupia mwaka 1920, na shilingi ikafuata mwaka 1921. Kwa hivyo huenda barua ni ya kabla ya hapo. Nasema huenda, kwa sababu watu huendelea kutaja fedha ya zamani hata baada ya mpya kuingia. Kibera ilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi mwaka 1918, ekari 4,197, na mwaka 1928 usimamizi ukatoka jeshini kwenda kwa utawala wa kiraia.

Likabaki lile neno. Kwenye picha ilionekana "tuli p", kisha doa, kisha "wa". Picha haikutosha, ilibidi twende kwenye karatasi yenyewe. Kwa ruhusa ya mhudumu, tuliweka tochi ndogo ubavuni, karibu sawa na meza, mwanga ukapita juu ya karatasi kwa mshazari. Wino hufifia, lakini nibu iliyokandamizwa huacha mfereji, na mfereji hutupa kivuli. (Usithubutu kulowesha karatasi wala kuipitishia kalamu.)

Tulikuwa na maneno matatu ya kupima: "tulipewa", "tulipimiwa" na "tulipangiwa". Katika mstari wa tatu mwandishi yuyo huyo ameandika "tuli pewa nguo", na pale "pewa" inachukua sentimita moja. Kwenye mkunjo nafasi ni karibu mara mbili ya hiyo. "Pewa" ikaanguka. Kisha mwanga ukatuonyesha kitu cha pili: chini ya mstari, mbali kidogo na mkia wa "p", kuna mkia mwingine uliopinda kushoto, sawa na "g" zake zote. "Pimiwa" haina herufi yenye mkia kama huo. Tukaandika: tuli p[angi]wa. Mabano ya mraba yanamwambia msomaji kwamba herufi hizo ni zetu, na tanbihi inamweleza sababu na maneno tuliyoyakataa.

Mwanafunzi wangu alinyamaza. "Sasa tasnifu yangu imekwisha, Prof?"

Hapana. Hebu tazama: mzee alilijua neno "kupewa", akalitumia kwa nguo. Kwa shamba alichagua "kupangiwa". Kupewa hukabidhi kitu. Kupangiwa huacha mpangaji nyuma ya pazia, mwenye uwezo wa kupanga upya. Barua hii haithibitishi sheria ya ardhi ilisemaje, maana neno la mtu mmoja si hati. Lakini inaonyesha kwamba angalau askari mmoja aliyekaa Kibera alizitofautisha hali hizo mbili wakati shamba lilikuwa bado mikononi mwake. Hilo ni swali bora kuliko lile alilokuja nalo, na asingelipata kama tungemjazia mzee maneno kinywani.