Nusu ya Atomu za Kinywe Haionekani

Mwanafunzi wa Kigonsera akipiga mstari wa penseli daftarini, anachoacha juu ya karatasi ni vipande vyembamba vya kinywe vilivyobanduka tabaka kwa tabaka. Kinywe ni kaboni, kama ilivyo kaboni sehemu kubwa ya makaa ya mawe yanayochimbwa Ngaka, humu humu wilayani Mbinga. Tofauti ni mpangilio. Katika makaa kaboni imechanganyika na vitu vingine na tabaka zake ni vurugu. Katika kinywe, kama kile kilichomo kwenye miamba ya Mahenge au Ruangwa, atomu zimejipanga kwa utaratibu usiobadilika. Mwalimu wa kemia huuchora ubaoni: pembesita zilizoungana kama sega la asali, atomu moja kila pembe, na kati ya atomu na jirani yake pana nanomita 0.142. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni.

Sasa chukua kipande cha kinywe safi, bandika selotepu juu yake, ivute ili ibandue tabaka za juu, kisha weka uso huo mpya chini ya hadubini inayoweza kuonyesha atomu mojamoja. Pembesita hazionekani. Yanaonekana madoa yaliyopangwa kwa pembetatu, na kutoka doa hadi doa ni nanomita 0.246. Ukiyahesabu na kuyalinganisha na mchoro wa ubaoni, unakuta nusu ya atomu hazipo. Mwalimu hajakosea, na hadubini haijaharibika. Kuelewa zilikokwenda atomu hizo ni kuelewa hadubini hii inapima nini hasa.

Ilibuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer katika maabara ya IBM karibu na Zurich, Uswisi, wakisaidiwa na Christoph Gerber na Edmund Weibel. Ilianza kufanya kazi mwaka 1981, na mwaka 1986 Binnig na Rohrer walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia pamoja na Ernst Ruska, aliyekuwa amebuni hadubini ya elektroni miaka mingi kabla. Haina lenzi na haitumii mwanga. Ina sindano ya chuma, mara nyingi tungsteni au mchanganyiko wa platini na iridi, inayoshushwa hadi karibu kabisa na uso wa kitu bila kuugusa. Kati ya sindano na uso huwekwa volti ndogo, sehemu ya kumi ya volti ikitosha.

Kwa fizikia ya kawaida hakuna umeme unaoweza kupita, maana mwanya ule ni ukuta: elektroni haina nishati ya kujing'oa kutoka kwenye chuma na kuruka. Lakini elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi hilo haliishii ghafla kwenye mpaka wa chuma. Linaingia ndani ya ukuta likififia, na ukuta ukiwa mwembamba vya kutosha, kitu kidogo cha wimbi hubaki upande wa pili. Ndiyo maana baadhi ya elektroni hupenya. Mkondo unaopatikana ni mdogo, tuseme nanoampea moja, ambayo bado ni elektroni zipatazo bilioni 6 kila sekunde.

Nguvu yote ya chombo imo katika jinsi mkondo huo unavyofuata umbali. Kanuni yake huandikwa hivi:

I ∝ V · e^(−2κd)

I ni mkondo, V ni volti, d ni upana wa mwanya. Herufi κ inatokana na urefu wa ukuta, yaani nishati inayohitajika kuing'oa elektroni kutoka kwenye uso. Kwa metali nyingi ni elektronivolti 4 hadi 5. Ukiingiza namba hizo unapata jambo rahisi kukumbuka: kila mwanya ukipanuka kwa nanomita 0.1, mkondo hugawanyika takriban kwa kumi. Nanoampea moja inakuwa 0.1, ukirudi nyuma tena hatua ileile inakuwa 0.01. Hata sindano ikisogea nanomita 0.01 tu, umbali ulio mdogo mara kumi na zaidi kuliko atomu, mkondo hubadilika kwa karibu robo, na badiliko la robo linapimika bila shida.

Kanuni hiyohiyo inajibu swali ambalo wengi huliuliza kwanza: sindano iliyotengenezwa kwa mikono inawezaje kuwa na ncha ya atomu moja? Ikikuzwa sana, ncha yake ni kilima chenye mawe mengi. Lakini daima kuna atomu moja iliyochomoza kuliko wenzake. Kama inayofuata iko nyuma yake kwa nanomita 0.25, mkondo unaopitia hiyo ya pili ni mdogo mara 300 hivi. Umeme karibu wote unapita kwenye ile moja, na nyingine ni kama hazipo. Watu wamepata picha nzuri kwa waya wa platini uliokatwa kwa mkasi. Taabu huja pale atomu mbili zinapochomoza sawasawa, kwa sababu hapo kila kitu usoni huchorwa mara mbili, na kila doa linakuwa na pacha wake pembeni kwa umbali uleule.

Ili kupata picha, sindano hupitishwa juu ya uso mstari kwa mstari. Kifaa cha kudhibiti husoma mkondo muda wote. Ukizidi, huinua sindano, ukipungua, huishusha, ili mkondo ubaki palepale. Kompyuta huandika sindano ilikuwa juu kiasi gani kila mahali, na urefu huo hugeuzwa rangi. Kwa hiyo doa jeupe katika picha maana yake ni moja tu: hapa sindano ililazimika kupanda ili mkondo usizidi. Inaweza kuwa imepanda kwa sababu pana atomu iliyoinuka. Inaweza pia kuwa imepanda kwa sababu uso ni bapa lakini mahali hapo panatoa elektroni kwa urahisi zaidi. Mwaka 1983 Jerry Tersoff na Donald Hamann walilipa jambo hili sura ya hesabu: kwa volti ndogo, sindano hufuata usawa wa wingi wa elektroni zile tu ambazo nishati yake iko kwenye kilele cha zile zilizojaa. Elektroni nyingine zote za atomu, ambazo ndizo nyingi, hazihusiki.

Turudi kwenye kinywe. Tabaka zake hazikulaliana pembe juu ya pembe. Kila tabaka limesogezwa kidogo, kiasi kwamba nusu ya atomu za juu zina atomu nyingine chini yao moja kwa moja, nanomita 0.335 kwenda chini, na nusu nyingine ziko juu ya katikati ya pembesita, mahali patupu. Atomu za aina ya kwanza hushirikiana na zile zilizo chini yao, na ushirikiano huo unazisukuma elektroni zao mbali na nishati ambayo hadubini inaisoma. Za aina ya pili hazina mshirika, kwa hiyo elektroni zao hubaki pale pale panaposomwa. Kwa urefu, atomu hizi zote ziko sawa. Kwa hadubini, nusu zinang'aa na nusu zimezimika. Mwaka 1987 David Tománek, Steven Louie na wenzao walieleza hivyo kwa hesabu na kwa vipimo.

Maelezo haya yanaweza kujaribiwa, na ndipo ninapoyapenda. Kama sababu ni tabaka la chini, basi tabaka moja lililo peke yake lazima lionyeshe atomu zote. Tabaka la namna hiyo, liitwalo grafini, lilipokuja kupimwa kwa hadubini hii, pembesita nzima zilionekana, atomu sita kwa sita, kama zilivyochorwa ubaoni.

Kinywe kilikuwa na fumbo lingine. Watu waliokipima hewani, bila ombwe, walipata vilima vya ajabu, vingine vikiwa na urefu wa nanomita 0.8, ilhali kutoka kilele hadi kilele ni 0.246 tu. Hakuna uso wa atomu wenye umbo hilo. Sehemu ya jibu ilipatikana kwa kuacha kupiga picha na kupima mkondo mahali pamoja huku sindano ikirudishwa nyuma. Tuseme unaanza na nanoampea 1 na unavuta sindano nanomita 0.1. Kwa uso safi unatarajia kubakiwa na 0.1. Ukikuta 0.4, hesabu inadai kwamba mwanya umepanuka kwa 0.04 tu, ingawa sindano imesogea 0.1. Ile 0.06 iliyobaki imekwenda wapi? Uso umeifuata sindano. Kati yao kuna uchafu unaobanwa, na kinywe, ambacho tabaka zake ni laini kubonyea, kilikuwa kimesukumwa chini na sasa kinarudi juu. Katika hali hiyo kilima cha kweli cha 0.02 kitaandikwa 0.05, maana sindano inabidi isogee mara mbili na nusu ili mwanya ubadilike inavyotakiwa. Uchafu ukizidi, ukuzaji unazidi. Kwa hiyo anayepokea picha ya kinywe yenye vilima virefu hana budi kuuliza mkondo ulishuka kwa kasi gani sindano ilipovutwa.

Kosa lililogharimu zaidi lilihusu DNA. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, watafiti kadhaa walidondosha myeyuko wa DNA juu ya kinywe, wakaacha ukauke, wakapiga picha na kuona kamba ndefu zilizojisokota kwa mizunguko ya kupendeza. Mwaka 1991 Carol Clemmer na Thomas Beebe walichapisha picha za kinywe kitupu, kisichowahi kuguswa na DNA, zenye kamba zilezile na misokoto ileile. Zilikuwa kingo za tabaka zilizokatika na mistari ambapo vipande viwili vya tabaka vinakutana vikiwa vimegeuzwa kidogo. Mahali tabaka la juu limezungushwa juu ya la chini, atomu zinazolingana na zisizolingana hupishana kwa mzunguko mrefu, na hadubini inauchora mzunguko huo kama vilima vya nanomita kadhaa. Mzunguko wa nyuzi 2 peke yake huzaa vilima vilivyoachana kwa nanomita 7 hivi.

Baada ya hapo, picha ya molekuli juu ya kinywe ilidai ushahidi zaidi. Uso mtupu kutoka kipande kilekile ulipaswa kupigwa picha nyingi kwanza. Mwelekeo wa sindano ulipaswa kugeuzwa: umbo la kweli hugeuka pamoja na uso, lakini mtetemo wa mashine hubaki umefuata mstari wa sindano. Volti ilipaswa kubadilishwa, kuona kama doa linabaki na sura yake. Kwa DNA, wengi walihamia kwenye chombo kingine kabisa, hadubini inayohisi nguvu badala ya mkondo, ambayo Binnig, Calvin Quate na Gerber waliibuni mwaka 1986. Humo DNA hulazwa juu ya ulanga, ambao nao hubanduka kwa selotepu na kuacha uso bapa, lakini haupitishi umeme, na kwa hiyo hadubini ya mkondo isingeweza kuusoma hata kidogo.