Masanduku Mawili ya Michoro

Katika mtaa wa zamani wa Wayahudi jijini Praha, Jamhuri ya Cheki, lipo sinagogi la karne ya 16 liitwalo Pinkas. Kuta zake za chini zimejaa majina yaliyoandikwa kwa mkono, ya Wayahudi wapatao 80,000 wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi. Ukishayapitia usikimbilie mlangoni. Panda ngazi, kwani maonyesho ninayokualika yako ghorofani: kazi za darasani za watoto waliofungiwa Terezín wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Terezín ni mji wa ngome, yapata kilomita 60 kaskazini mwa Praha. Kuanzia Novemba 1941 Wanazi waliugeuza kituo cha kuwarundika Wayahudi kabla ya kuwasafirisha mashariki. Masomo ya kawaida yalipigwa marufuku, lakini kuimba, kuchora na kazi za mikono vilivumiliwa. Mwanya huo ndio alioutumia Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyezaliwa Vienna mwaka 1898 na kusomea Bauhaus, chuo mashuhuri cha sanaa na usanifu cha Ujerumani. Aliletwa Terezín Desemba 1942. Mizigo iliyoruhusiwa ilikuwa kilo 50 tu, naye sehemu kubwa ya yake aliijaza karatasi na rangi.

Maonyesho yenyewe yamepangwa kama safari. Yanaanza na uvamizi wa Machi 1939, yanapita kwenye treni za kuhamishwa, mabweni, kumbukumbu za nyumbani, sikukuu na ndoto za kurejea, kisha yanaishia kwenye treni za kwenda Auschwitz. Kihistoria ni mpangilio mzuri. Kwa jicho langu, hata hivyo, unaficha jambo moja: nyingi ya karatasi hizi ni mazoezi. Mwalimu hakuwakalisha watoto akawaambia wachore huzuni zao. Alikuwa na mtaala.

Huko Bauhaus alifundishwa na Johannes Itten, aliyeamini kwamba mkono hauchori vizuri kabla mwili haujatulia na kushika mdundo. Basi Friedl naye alianza hivyo. Alitaja mwendo, watoto wakaufuata kwa penseli: mistari, mizunguko, mawimbi, upesi kisha polepole. Ukikuta karatasi yenye mizunguko mitupu usiipite ukidhani mtoto alikuwa akichezea penseli. Hilo lilikuwa somo la mwanzo. Baada yake walichora vitu vilivyokuwa mbele yao, wakaigiza picha za wachoraji mabingwa wa kale, ndipo wakaachiwa wachore watakacho.

Simama kwa muda mrefu zaidi mbele ya picha za kukata na kubandika. Rangi zilikuwa adimu, kwa hiyo watoto walikata karatasi za kufungia vitu na fomu za ofisini zilizokwisha tumika. Sogea karibu, uangalie nafasi ambazo hazikupakwa kitu: huenda ukaona mistari na safu za fomu zikichungulia chini ya nyumba au ua. Kisha tafuta jina la mchoraji. Friedl alisisitiza kila mtoto atie jina lake kwenye kazi yake, na hapo ni mahali ambapo mtu alisafirishwa kwa namba. Kwa sababu ya majina hayo, jumba la makumbusho limeweza kujua wengi wao walikuwa nani na waliishia wapi.

Wageni hushangaa kuona vipepeo na maua kuliko njaa. Helga Weissová, aliyefungwa hapo hapo akiwa mtoto, aliambiwa na baba yake achore anachokiona, naye akachora foleni za chakula na vitanda vilivyopandana. Darasa la Friedl lilifuata njia nyingine. Katika mhadhara aliowatolea walimu wenzake mwaka 1943, alieleza kwamba nia haikuwa kuwafanya watoto wote wachoraji, ila kuwafungulia nguvu zao wenyewe. Kwa hiyo usizisome picha hizi kama mpiga ramli. Anga jeusi laweza kuwa hofu, na laweza kuwa kipande pekee cha rangi kilichobaki siku ile.

Vuli ya 1944 mumewe alipelekwa mashariki, naye akajiandikisha kumfuata. Kabla ya kuondoka, michoro yapata 4,500 ilikuwa imepangwa ndani ya masanduku mawili na kufichwa. Oktoba 1944 aliuawa Auschwitz, na wengi wa wanafunzi wake pia hawakurudi. Mumewe alinusurika. Vita vilipokwisha, Willy Groag, aliyekuwa msimamizi wa bweni la wasichana, aliyafikisha masanduku hayo kwa jumuiya ya Wayahudi ya Praha.

Ukienda, uutazame mchoro kwanza ndipo usome maelezo yake. Ukianza na maelezo, hutaona tena mistari, utaona kifo tu. Sinagogi hufungwa Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi, na wanaume hutakiwa kufunika kichwa. Mwenye siku ya ziada apande basi hadi Terezín kwenyewe. Ni mwendo wa kama saa moja.