Je, Wajua? Chai ya Kamomili Ina Chavua Ndani Yake

Je, wajua kwamba kifuko cha chai ya kamomili hakina jani la chai hata moja? Kilichomo ni maua yaliyokaushwa, na ndiyo maana kinywaji hiki hakina kafeini. Ukilipasua ua la kamomili ya Kijerumani kwa wembe, utaona kitovu chake cha njano kina uwazi katikati. Lipo gugu linalofanana nalo sana, lenye harufu mbaya, ambalo kitovu chake kimejaa. Gugu hilo huwasha ngozi zaidi kuliko kamomili yenyewe, na wavunaji wasio makini hulichanganya humo.

Je, wajua kwamba sifa yake ya kuleta usingizi imeutangulia ushahidi? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo la watu 34 wenye tatizo sugu la kukosa usingizi. Baadhi walimeza vidonge vya kamomili vya miligramu 270 mara mbili kwa siku kwa siku 28, wengine wakapewa vidonge bandia. Mwishoni, tofauti ya usingizi baina ya makundi hayo haikuwa ya maana. Kwa wasiwasi, habari ni nzuri kidogo: mwaka 2016 utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ulionyesha kwamba walioendelea kumeza miligramu 1,500 kwa siku walikuwa na dalili nafuu zaidi kuliko waliohamishiwa vidonge bandia. Lakini hivyo vilikuwa vidonge vya dondoo, si chai. Anayeipenda kabla ya kulala aloweke takriban gramu 3 za maua katika mililita 150 za maji yaliyochemka, afunike dakika tano hadi kumi ili mafuta yake yasipotee na mvuke, kisha achuje.

Je, wajua kwamba kikombe cha kwanza kabisa kinaweza kumwangusha mtu? Mwaka 1989 madaktari wa Hispania walieleza kisa cha mvulana wa miaka minane aliyekuwa na pumu na mafua ya mzio yaliyoletwa na chavua za nyasi, mizeituni na artemisia. Hakuwahi kunywa kamomili. Alipoinywa mara ya kwanza, alipata mshtuko mkali wa mzio. Damu yake ilipopimwa, ilikutwa na kingamwili zinazoishika kamomili na pia ndugu zake, artemisia ikiwemo. Mwili wa mtoto yule ulikuwa umeshajifunza kuichukia chavua ya artemisia aliyoivuta puani, na ilipofika chavua ya kamomili, yenye protini zinazofanana nayo, ukaishambulia kana kwamba ni ileile. Kuchemsha maji hakukumkinga.

Basi swali la kumuuliza mtu kabla ya kumkaribisha kikombe si kama amewahi kuinywa. Muulize kama mimea ya jamii ya alizeti humdhuru. Ndugu za kamomili tunao tele: alizeti yenyewe, pareto ya Molo na Mufindi, gugu karoti linalowawasha wafugaji mikono, na artemisia iliyovuma mwaka 2020 kupitia kinywaji cha Madagaska. Mtu anayepiga chafya mfululizo, kuwashwa macho au kuvimba ngozi anapopita kwenye mimea hii asijijaribu nyumbani na kamomili, hata kwa kijiko kimoja. Si kila mwenye mzio wa ndugu hawa atadhurika, ila hakuna njia ya kulijua hilo jikoni. Vipimo vya mzio hufanyika kliniki. Asome pia maandishi ya pakiti za chai za usiku zilizochanganywa; humo kamomili huweza kuandikwa Matricaria.

Mzio mwepesi huanza kwa kuwashwa midomo na ulimi, au vipele vilivyotuna mwilini. Ukisikia sauti inakauka, koo linabana, kifua kinakoroma, au mtu anatapika huku kizunguzungu kinamshika, na hayo yametokea dakika chache baada ya kunywa, ni dharura. Dawa yake ni sindano ya adrenalini ya paja. Vidonge vya mzio peke yake havitoshi. Mlaze miguu ikiwa juu, au mwache akae kama anapumua kwa shida, asisimamishwe ghafla, na apelekwe hospitali hata akijisikia nafuu, kwani dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Je, wajua kwamba hata jicho halisalimiki? Madaktari hao wa Hispania walieleza pia wagonjwa saba wenye mafua ya mzio waliovimba macho baada ya kuyaosha kwa chai ya kamomili, dawa ya kienyeji ya huko. Wawili kati yao walivimba kope pia. Chavua ilikuwa ndani ya chai ileile waliyotumainia iwatulize. Macho yanayowasha yaoshwe kwa maji safi au maji ya chumvi ya dukani yaliyotengenezwa kwa ajili ya macho.