Kuondoa chenga za usiku bila kuifuta bajaji

Chukua klipu ya sekunde 12 iliyopigwa usiku kwenye mtaa wa Kariakoo: fremu 25 kwa sekunde, upana wa pikseli 1920. Kuna ukuta wa duka lililofungwa, taa moja ya barabarani, muuza mahindi amekaa, na bajaji inayokatiza kutoka upande mmja wa picha hadi mwingine kwa sekunde 3. Kila kitu kimejaa chenga zinazotetemeka. Kazi ni kuzituliza chenga hizo huku maandishi ya nyuma ya bajaji yakibaki yanasomeka.

Chenga zinatokana na uhaba wa mwanga wenyewe, hata kamera ikiwa nzuri. Mwanga hufika kwenye kamera kwa chembe, na chembe hizo huanguka kama rasharasha za mvua kwenye ndoo zilizopangwa uani: hakuna ndoo mbili zinazopata matone sawasawa. Pikseli iliyotarajiwa kupokea chembe 10,000 hupata zaidi au pungufu kwa kama 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni. Iliyotarajiwa kupokea 100 huyumba kwa kama 10, yaani asilimia 10. Kisha kamera inakuza mwanga huo mdogo ili picha ionekane, na kuyumba nako kunakuzwa.

Jambo la kushukuru ni kwamba kuyumba huko hubadilika kila fremu, ilhali ukuta ni uleule. Ukichukua wastani wa pikseli moja katika fremu kadhaa zinazofuatana, chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu: fremu 4 zinazipunguza hadi nusu, fremu 9 hadi theluthi. Ukuta unatulia bila kupoteza ufa hata mmoja. Hii ndiyo sababu kuchuja kwa kufuata wakati kunashinda kule kulainisha kila fremu peke yake, ambako huondoa chenga na ufa kwa pamoja.

Taabu inaanza na bajaji. Inavuka pikseli 1920 kwa fremu 75, kwa hiyo kila fremu inasogea karibu pikseli 26. Ukichukua wastani wa fremu 5 papo hapo zilipo, utapata bajaji tano zilizofifia, zimetandazwa kwenye zaidi ya pikseli 100. Vichujio vyepesi, kama `atadenoise` cha ffmpeg, hukwepa hilo kwa kulinganisha: pikseli ikitofautiana mno na ile ya fremu jirani, haichanganywi. Bajaji inabaki kali, lakini inabaki na chenga zake zote, na juu ya ukuta uliotulia inaonekana kama imebandikwa kutoka klipu nyingine.

Njia inayofaa ni kuifuata bajaji ilikokwenda. Programu ya bure ya VapourSynth, pamoja na nyongeza yake ya MVTools, hugawa fremu katika vipande vidogo, hutafuta kila kipande kilikuwa wapi kwenye fremu zilizotangulia na zinazofuata, hukirudisha mahali pake, ndipo huchukua wastani. Kuangalia mbele na nyuma kuna maana yake. Ukuta uliokuwa umefichwa na bajaji haupo kwenye fremu iliyotangulia, lakini kwenye inayofuata umo.

MVTools huamua kama vipande viwili vinafanana kwa kujumlisha tofauti za pikseli zao. Jumla hiyo, ikihesabiwa kwa kipande cha pikseli 8 kwa 8, hulinganishwa na kikomo kiitwacho `thsad`, ambacho kwa kawaida ni 400. Kadiri jumla inavyokikaribia kikomo, ndivyo fremu jirani inavyopewa uzito mdogo. Ikikifikia, haichangii chochote. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tuseme chenga za klipu yetu zinayumba kwa daraja 6 kati ya 255, jambo la kawaida usiku. Vipande viwili vya ukuta uleule vitatofautiana kwa takriban daraja 7 kila pikseli, na kwa pikseli 64 jumla inakaribia 430. Kikomo kimeshavukwa na chenga peke yake. Klipu inatoka karibu kama ilivyoingia, na mtu anadhani kichujio ni kibovu.

Wengi hukimbilia kupandisha kikomo hadi 1200. Ukuta unatulia kweli, lakini sasa na vipande visivyofanana vinapita mlangoni, na maandishi ya bajaji yanaanza kupaka. Dawa bora ni kutengeneza nakala iliyolainishwa kidogo, itumike kwa kutafutia mwendo tu. Kulainisha kwa dirisha la pikseli 3 kwa 3 kunapunguza chenga hadi theluthi, na ile jumla ya 430 inashuka hadi kama 145, chini kabisa ya kikomo cha 400. Tofauti za kweli, mfano ukingo wa bajaji dhidi ya ukuta, hazishuki kwa kiasi hicho, kwa hiyo bado zinakamatwa. Na kwa kuwa wastani wenyewe unachukuliwa kwenye klipu halisi, ulainishaji ule hauingii kwenye picha ya mwisho.

```
import vapoursynth as vs
core = vs.core
c = core.bs.VideoSource('usiku.mp4')
p = core.std.BoxBlur(c, hradius=1, vradius=1)
sp = core.mv.Super(p)
sc = core.mv.Super(c)
v = dict(blksize=16, overlap=8)
b1 = core.mv.Analyse(sp, isb=True, delta=1, **v)
f1 = core.mv.Analyse(sp, isb=False, delta=1, **v)
b2 = core.mv.Analyse(sp, isb=True, delta=2, **v)
f2 = core.mv.Analyse(sp, isb=False, delta=2, **v)
safi = core.mv.Degrain2(c, sc, b1, f1, b2, f2, thsad=400)
safi.set_output()
```

Hapo zinatumika fremu 5: yenyewe, mbili za nyuma na mbili za mbele. Kwa hesabu, chenga zingepungua zaidi ya nusu. Kwa klipu ya simu utapata pungufu ya hapo, maana simu imeshaibana video, na ubanaji huo hunakili chenga za fremu moja kwenda nyingine. Chenga iliyoganda haiondolewi na wastani.

Usiyapime matokeo kwa kutazama picha safi peke yake, kwa sababu jicho hupenda ulaini. Tazama kilichoondolewa. Badilisha mstari wa mwisho uwe `core.std.MakeDiff(c, safi).set_output()`, na utaona picha ya kijivu. Ikiwa na vumbi tupu, umeondoa chenga. Ukiona humo umbo la bajaji, herufi zake au mikunjo ya shati la muuza mahindi, umekula picha; shusha `thsad` hadi 300 ujaribu tena.

Kuna mahali ambapo njia hii haifiki. Mwanga wa taa za bajaji unapotambaa ukutani, ukuta hausogei lakini unabadilika rangi, na MVTools inauona kama kitu kigeni. Chenga zitabaki kwenye mkuga huo wa mwanga kwa fremu chache. Taa za barabarani nazo, kwa umeme wetu wa hezi 50, hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa fremu 30, mwangaza unaweza kupanda na kushuka kati ya fremu, na kila kipande kikaonekana tofauti na jirani yake. Fremu 25 na shata ya 1/50 humaliza hilo mtaani kabla hujafika kwenye kompyuta.

Shata hiyohiyo ndiyo inayoamua herufi za bajaji. Kwa 1/25, bajaji inasogea pikseli 26 huku fremu ikiwa bado wazi, na herufi zinaandikwa zikiwa zimevutika. Kwa 1/50 zinavutika 13. Picha itakuwa na giza zaidi na chenga zaidi, lakini chenga zinachujika. Herufi iliyovutika kwenye kila fremu haina fremu jirani ya kuazima ukali kwake.