Kisangani: Orodha ya mada za silabusi yageuka ratiba ya marudio kabla ya mitihani

Wanafunzi wengi hujiandaa kwa mtihani kwa kufungua silabusi kwenye ukurasa wa kwanza na kusoma kwenda mbele. Wakisimama siku mbili tatu, wanaanza tena mwanzoni kwa sababu wamesahau. Mwishoni sura za kwanza zimesomwa mara nne, na sura za mwisho zimepitiwa usiku mmoja tu kabla ya mtihani. Profesa naye haulizi sura za kwanza peke yake. Anayekosa alama hizo anajikuta kwenye kikao cha pili, huku wenzake wakiwa wamekwisha kwenda likizo.

Kuna njia nyingine ya kupanga kazi hiyo. Haihitaji simu wala umeme, kitu ambacho wakaaji wa Kisangani hawana hakika nacho kila jioni. Inahitaji kaye moja, biki, na orodha ya yaliyomo iliyo mwanzoni au mwishoni mwa silabusi. Msingi wake ni kwamba kila mada ina tarehe yake ya kurudiwa, na muda kati ya marudio unaongezeka kila mara.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima jambo hilo juu ya kichwa chake mwenyewe, akatoa matokeo mwaka 1885. Alikariri silabi zisizo na maana, akaona kwamba nyingi hupotea katika siku ya kwanza, kisha kupotea kunapungua kasi. Aliona pia kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku 3 yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mfululizo. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kupata faida ile ile kwa kazi ndogo zaidi, akijua tu lini arudi.

Kazi ya kwanza ni kuigeuza orodha ya yaliyomo iwe orodha ya mada. Sura moja si mada moja. Katika silabusi ya bioloji, sura juu ya seli ni kubwa mno. Inafaa ikatwe vipande: utando wa seli, kiini, mitosisi, meiosisi. Kipimo ni rahisi: mada ni kile ambacho mtu anaweza kukieleza kwenye karatasi kwa dakika 15 bila kutazama. Kikihitaji saa nzima, kikatwe tena. Utangulizi na mambo ambayo hayaulizwi yanaachwa.

Mfano uwe silabusi iliyotoa mada 18, na mtihani uko siku ya 37 kuanzia leo. Kila siku mwanafunzi anasoma mada moja mpya kwa muda wa saa moja, kuanzia siku ya 1 mpaka siku ya 18. Kila mada inarudiwa mara tatu: siku 2, siku 7 na siku 17 baada ya kusomwa. Mada ya 1 inarudi siku ya 3, ya 8 na ya 18. Mada ya 10 inarudi siku ya 12, ya 17 na ya 27. Tarehe hizo zinaandikwa zote siku ya kwanza, mbele ya jina la kila mada, ili asubuhi kusiwe na kujiuliza leo kusomwe nini.

Kabla ya kuanza ni lazima kuhesabu mzigo, maana hapo ndipo ratiba nyingi zinavunjika. Siku nzito kuliko zote hapa ni ya 18: kuna mada mpya ya 18, pamoja na marudio ya mada ya 16, ya 11 na ya 1. Hiyo ni saa moja na dakika 45. Anayesoma kozi tatu kwa ratiba ya namna hii hawezi kuzianza zote siku moja, kwa sababu siku nzito zitaangukiana. Kila kozi inaanza siku chache baada ya ile iliyotangulia, kwa kufuata tarehe za mitihani.

Hesabu hiyo inaonyesha pengo pia. Mada ya 1 inarudiwa mara ya mwisho siku ya 18, na kutoka hapo mpaka mtihani ni siku 19. Lakini kuanzia siku ya 26 kuna rudio moja tu kwa siku, basi nafasi ipo. Mada ya 1 mpaka ya 9 zinapewa rudio la nne, moja kwa siku, kuanzia siku ya 28 hadi ya 36. Hivyo hakuna mada itakayofika kwenye mtihani ikiwa imelala zaidi ya siku 10. Kwa kuwa mada tisa za kwanza ndizo zinazopata rudio la ziada, zile ngumu ziwekwe humo, bila kuvunja mfuatano pale ambapo mada moja inaitegemea nyingine.

Rudio lenyewe si kusoma upya. Silabusi inafungwa, mwanafunzi anaandika anachokumbuka, kisha anafungua na kusahihisha kwa biki ya rangi nyingine. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha njia hizo mbili. Dakika 5 baadaye, waliosoma tena ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya juma moja, waliojipima ndio waliokuwa mbele. Ndiyo maana kusoma tena kunadanganya: jioni ile ile mtu anajiona anajua.

Mjini Kisangani kuna mtego mwingine. Wanafunzi wanaelezana masomo kwa Kiswahili au Lingala, na hiyo inasaidia kuelewa, lakini mtihani unaandikwa kwa Kifaransa. Majibu ya rudio yaandikwe kwa Kifaransa, na maneno ya kozi kama profesa anavyoyataka.

Mada iliyoshindikana inawekewa alama na kurudiwa kesho yake, kisha inaendelea na tarehe zake. Ikishindikana mara mbili mfululizo, shida si kumbukumbu tena, ni kwamba haikueleweka. Hapo dawa ni kumwendea asistenti au mwenzake anayeijua, maana kurudia kisichoeleweka hakuzai kitu.

Siku zitapotea pia: malaria, msiba, au mvua iliyomzuia mtu wa Lubunga kuvuka mto. Anayejaribu kulipa deni lote kwa siku moja huishia kuacha ratiba. Linalofanywa kwanza ni rudio la siku 2, kwa sababu mada changa ndiyo inayopotea haraka. Rudio la siku 17 linaweza kungoja siku mbili tatu. Mada mpya zote zinasogezwa mbele, na siku nyepesi za mwisho zinameza uchelewaji huo.

Mtihani ukiahirishwa kwa majuma mawili, hakuna haja ya kuanza upya: kila mada inaongezewa rudio moja, kuanzia ile iliyolala muda mrefu zaidi. Na aliyebakiwa na siku 10 tu hawezi kungoja siku 17. Kwake marudio yawe baada ya siku 1 na baada ya siku 3, mada tatu mpya kwa siku. Mada 18 zitaisha siku ya 6, na rudio la mwisho litaangukia siku ya 9. Atabakiza kumbukumbu ya kumfikisha kwenye mtihani, ingawa haitadumu kama ya aliyeanza mapema.