Kijitabu cha shule: Gharama iliyofichwa humrudia mwenye shule

KILA mwaka kabla ya Januari, wamiliki wa sekondari binafsi huchapisha vijitabu vya kuvutia wazazi. Mwenye hisa katika shule ya aina hiyo anapaswa kukisoma kijitabu chake kama anavyosoma ankara ya mzigo: mstari kwa mstari, kabla hakijakwenda kwa mpiga chapa.

Chukua shule ya bweni ya mfano. Ukurasa wa mbele unasema: "Ada sh. 1,800,000 tu." Mzazi anapofika na mtoto anakuta sare sh. 180,000, masomo ya ziada sh. 120,000, mitihani ya majaribio sh. 60,000, amana ya uharibifu sh. 50,000 na matibabu sh. 40,000. Jumla ya nyongeza ni sh. 450,000, yaani robo ya ada. Fedha hizo hakuzipangia, hivyo ataanza kulipa nusunusu, na shule itadaiwa na muuza mahindi.

Mhariri mwema hufuta neno "tu" na kuandika: mwaka wa kwanza sh. 2,250,000. Sare na amana hulipwa mara moja, hivyo mwaka wa pili ni sh. 2,020,000 kama bei hazikubadilika. Aeleze pia tarehe za awamu, na lini amana hurudishwa.

Matokeo ndipo panapofichwa mengi. "Ufaulu asilimia 97.5" ni kweli: kati ya watahiniwa 40 wa Kidato cha Nne, aliyepata sifuri ni mmoja. Lakini 13 walipata daraja la nne, ambalo nalo huhesabiwa kufaulu. Daraja la kwanza walikuwa sita, la pili tisa, la tatu 11. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu ni 26, asilimia 65. Andika madaraja yote, tena ya miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa mwaka mmoja mzuri huweza kuwa bahati.

Kuna swali jingine: Kidato cha Kwanza waliingia wangapi? Kama walikuwa 64, wale 24 walikwenda wapi? Wengine walihama, wengine walikariri baada ya mtihani wa Taifa wa Kidato cha Pili. Shule isiyotoa hesabu hii yaweza kuwa inawaondoa wanafunzi dhaifu ili kupamba asilimia zake.

Kuhusu maisha ya kila siku, "chakula bora na mazingira tulivu" hakimwambii mzazi kitu. Andika kengele ya kuamka inalia saa ngapi, nyama ni mara ngapi kwa wiki, vyoo vingapi kwa bweni la watoto wangapi, na mzazi apige simu siku gani. Sentensi ambayo shule yoyote ingeweza kuichapisha, ifutwe.

Kijitabu cha namna hii kitapunguza waombaji. Watakaobaki watakuwa wamekwisha kupiga hesabu, na hao ndio wanaolipa awamu ya pili.